Saa Moja Isiyokuwa Kwenye Mswada

Boti ilikuwa imeshaiacha Kiwayu nyuma, na Bwana Husni hakuwa amesema neno tangu awashe injini. Sababu ilikuwa mimi. Nilimchelewesha dakika kumi na mbili nikitafuta miwani, na yeye ni mtu anayeondoka na maji, si na watu. Mwendo wa zaidi ya saa moja mbele yetu kulikuwa na Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, na Mkanda hupitika maji yakiwa yamejaa. Yakipwa hubaki tope na mikoko, na boti hukaa palepale hadi yarudi. Kuzunguka kwa nje, bahari kuu, mwezi wa Julai kusi likivuma, ni kazi ya mtu aliyechoka na maisha yake.

"Tutawahi?" nilimuuliza.

"Tutawahi," akasema. "Lakini si kwa sababu yako."

Mapajani nilikuwa nimeshika mfuko wa plastiki wenye kurasa tisini na sita. Ulikuwa mswada wa filamu, ameuandika Bi Khairiya wa Wiyoni, mtaa wa mji wa Lamu ambao sisi twauita Amu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyewahi kufundisha chekechea kabla ya kuingia mambo haya. Alikuja Kiwayu mwaka uliopita kuuliza watu habari za boti ya wagonjwa, akanikuta barazani nawasomea wenzangu gazeti. Mimi nimesoma kwa vipande: chuoni Amu, darasa la pili Witu, la nne Malindi, Kiingereza nimekiokota jikoni mwa meli. Nasoma polepole na kila neno nalipa haki sawa. Alikaa akasikiliza hadi ukurasa wa matangazo ya vifo. Halafu akasema, "Bwana Amini, siku nikimaliza kuandika nitakuita unisomee."

Nilidhani ni maneno ya adabu. Mwaka haujaisha akapiga simu.

Mkanda tuliukuta umejaa hadi kwenye majani ya mikoko. Husni alipunguza mwendo, akapita katikati kwa mkono mmoja, na tulipotokea upande wa Amu ndipo akaniambia kwamba na yeye amealikwa kusoma. "Nimepewa mzee wa gatini," akasema. "Maneno manne. Nimeyahifadhi yote."

Nyumbani kwa kina Khairiya, Wiyoni, kulikuwa na meza ndefu ambayo haikuwa ya nyumba ile. Mwalimu Owen aliiazima shuleni kwake, ikaja juu ya punda wawili, miguu imefungwa kando. Owen ni mtu wa Kisii, anafundisha fizikia, na alikuwa amepewa kumsoma Swafwan, mume. Asmaa, muuguzi wa zahanati moja hapo mjini, alipewa mhusika mkuu, Hadia. Binamu yake Khairiya alimsoma Maram. Mimi nilipewa maelezo, yaani yale yote yasiyosemwa na mtu: nani anaingia, wapi, anafanya nini.

"Nataka usome kilichoandikwa na usisome ambacho hakikuandikwa," Khairiya aliniambia. "Muigizaji atanipambia. Akinipambia, sitajua ni yeye mzuri au ni maandishi."

Kwenye kiti cha kona alikaa Jeruto, prodyusa, aliyetoka Nairobi na ndege ya Jumatano. Ni yeye aliyekuwa akitafuta watu wa kuitengeneza filamu ile, na hakuficha kitu. Mbele yetu sote, kabla hatujaketi, alimwambia Khairiya: "Mwanzo wako naupenda, mwisho naupenda. Katikati kunalegea. Jumapili mchana narudi. Ikiwa katikati hapajasimama, nitawapa waandishi wangu wa Nairobi wapapange upya. Jina lako litabaki pale, usijali."

Khairiya akasema, "Sawa." Lakini nilimwona akiikunja ncha ya shela yake na kuikunjua. Jina kubaki si kazi kubaki. Anayejua hivyo ni mtu aliyewahi kujenga kitu akaona kinamaliziwa na mkono mwingine.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kuielewa. Hadia ni nahodha wa boti ya wagonjwa Kiwayu, mwanamke wa kwanza kuishika. Mumewe, Swafwan, alimwacha akaoa msichana, Maram. Asubuhi moja Maram anashikwa na uchungu wa kuzaa, mtoto amekaa vibaya, mkunga hawezi, na boti ni moja na nahodha ni mmoja. Filamu nzima ni ile safari ya kutoka Kiwayu hadi hospitali Amu, wanawake wawili ndani ya boti na mume amekaa kati yao kama mzigo.

Alhamisi hiyo tulianza saa tatu. Khairiya hakusoma hata neno. Alikaa nyuma kidogo, na nakala yake magotini na penseli, na simu yake mezani inahesabu muda. Hakuzuia mtu kuweka simu mbele yake. Jeruto alipopendekeza zikusanywe kwenye kikapu alikataa: "Ziacheni. Mtu akiitazama nataka kuona alikuwa ukurasa gani."

Nikamwona anavyofanya. Mtu akicheka, anachora duara pembeni ya mstari. Mtu akigeuka kitini, anapiga mstari. Mtu akigusa simu, msalaba. Hakuwa akitazama karatasi, alikuwa akitutazama sisi, na mkono unajua wenyewe pa kuchora. Nilifanya kazi Garissa na fundi wa malori aliyekuwa hivyo. Dereva akianza kumweleza gari linaumwa wapi, anamwambia nyamaza, twende, endesha. Anakaa kando, ameweka kijiti kwenye bodi na upande wa pili sikioni. Akirudi gereji anafungua mahali pamoja tu. Nilimheshimu mtu yule kuliko mashehe wengi, Mungu anisamehe, na siku ile Wiyoni nilijikuta namheshimu Khairiya kwa heshima ileile.

Asmaa alisoma vizuri mno. Pale Hadia anapomwambia Swafwan "Kaa usogee, unaelemea boti upande mmoja," meza nzima ilicheka, na Owen akasogea kweli. Husni alisema maneno yake manne kwa sauti ya khatibu. Tulifika ukurasa wa hamsini na mbili, nikasoma: "Mkanda. Maji yamekupwa. Hadia anazima injini." Kuanzia hapo boti imesimama, kurasa kumi. Wanazungumza. Maram anaumwa. Hadia anatazama mikoko. Nilisoma kama nilivyoagizwa, na penseli ya Khairiya niliisikia inakwaruza, inakwaruza.

Tulimaliza karibu na adhuhuri. Simu ya Khairiya ilikuwa imehesabu saa mbili na dakika ishirini na tano.

Sasa mpango wa Khairiya ulikuwa tuswali, turudi, tutoe maoni, ndipo tule. Alikuwa amemwambia mama yake, Bi Nana, mara tatu. Lakini Bi Nana hawezi kukaa na wageni wenye njaa ndani ya nyumba yake huku chakula kimeiva, halimo katika uwezo wake. Tuliporudi msikitini masinia yalikuwa yameshawekwa, biriani ya samaki, maembe ya kukaanga, maji ya ndimu. Khairiya alisimama mlangoni, akaiweka penseli kando. Tukala.

Halafu akatuuliza. Hakuuliza kama tumeipenda. Aliuliza wapi tulipotea, wapi tulichoka, na tunadhani Hadia anataka nini.

"Wallahi hatukuchoka," akasema Asmaa. "Ni nzuri kutoka juu mpaka chini."

"Nzuri sana," binamu akasema.

"Bwana Husni?"

Husni alifuta mkono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Mashallah. Mambo ya boti umeyapatia. Sina la kusema."

Mimi nilisema maandishi yake yanasomeka bila kukwama, jambo ambalo ni kweli na halimsaidii mtu.

Owen, ambaye ameishi Amu miaka minne na ameanza kuambukizwa adabu zetu, alisifu kwanza kwa muda mrefu, kisha akasema labda pale Mkanda wangetokea majambazi, au boti ya doria, kidogo damu ichemke.

Jeruto peke yake hakuzunguka. "Pale boti inaposimama ndipo ninapokupoteza. Anamsimamisha mwanamke wa watu anayezaa. Hakuna mtazamaji atakayemsamehe Hadia. Ondoa kule kusimama. Weka dhoruba. Mawimbi, injini inazimika, wanawake wawili wanashikana mikono. Hapo nina filamu."

Watu walitazama masinia. Khairiya aliandika kila alichosema, neno kwa neno, hakujitetea hata kwa kope. Akasema, "Asante." Alipokwisha kuwasindikiza alirudi, akakaa na mama yake kwenye ngazi.

"Mama, umenilishia watu kabla hawajasema."

"Ningewalisha baada ya nini? Wazimie?"

"Mtu akishakula kwako hawezi kukutoa kasoro. Wote wamenisifu. Anayenikosoa ni mmoja, na dhoruba yake siitaki."

Bi Nana alifikiri. "Basi kesho waite na njaa," akasema.

Mimi nililala kwao, kwa vile sina nyumba Amu wala mahali pengine. Ijumaa asubuhi aliniletea chai, akaniwekea mbele karatasi zake zenye alama. Ukurasa wa kwanza hadi wa hamsini ulikuwa na maduara mengi na mistari michache. Kutoka hamsini na mbili hadi sitini na moja pembeni palikuwa pamejaa misalaba, mingi hata imepandana. "Huyu ni Asmaa," akanionyesha. "Huyu ni binamu yangu. Huyu Owen, mara tatu. Wewe pia uligeuka kitini, Bwana Amini, na wewe ndiye uliyekuwa unasoma." Chini ya ukurasa wa hamsini na mbili palikuwa na mstari mmoja mzito umezungushiwa. "Na huyu ni Husni. Hakugusa simu. Alinyanyua kichwa akanitazama, mara moja. Kisha akainama."

"Alitaka nini?"

"Sijui. Nikimuuliza atasema mashallah." Alisukuma kikombe kando. "Bwana Amini, sitaki maoni yako. Nihadithie filamu. Kama unamhadithia mtu wa Kiwayu ambaye hakuwepo."

Nikahadithia. Nilifika mwisho, mtoto amezaliwa, Hadia anatoka hospitali anamkuta Swafwan amekaa gatini, wanatazamana, na Hadia anasema, "Twende, nikurudishe nyumbani."

"Hilo halimo," akasema Khairiya. "Anampita bila kumwangalia."

Nilitafuta kichwani, na kweli halikuwemo. "Lakini ingefaa liwemo," nikasema. "Mwanamume akikaa gatini vile, mtu ana huruma."

Akanitazama, akacheka taratibu. Anajua nimeoa wapi na wapi, na wapi niliondoka bila kuaga. "Hilo ni lako, Bwana Amini. Si la Hadia." Akaliandika hata hivyo, upande wa kushoto wa daftari. Upande wa kulia hakuandika kitu. Nilielewa baadaye kwamba kushoto ni ya msimulizi, kulia ni ya mswada. Nilichukia kidogo, kisha nikaona ana haki.

Tukatoka kwa miguu, mimi nikiwa kama mzee wa kumsindikiza. Kwa Asmaa, kwenye benchi nje ya zahanati, tuliisikia filamu yote kwa dakika sita. Alifika Mkanda akasema, "basi wakangoja maji, wakafika Amu," akaendelea. Kurasa kumi kaziruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Kwa Owen, shuleni, Mkanda ulikuwa na bunduki mbili ambazo hatukuwahi kuzisoma. Khairiya aliandika kulia: *wote pale pale*. Bunduki aliziandika kushoto.

Jeruto tulimkuta nyumba ya wageni, juu darini, na kompyuta. Alipoombwa kuhadithia alishangaa, lakini alihadithia vizuri kuliko sisi sote. "Wanafika mahali pembamba. Hadia anazima injini. Anataka Maram aumie, ajue uchungu aliomletea yeye."

"Si yeye aliyeizima kwa kutaka," nikaropoka. "Maji yalikuwa yamekwenda."

"Yamekwenda wapi, mzee?"

Nilimtazama. Yeye ni mzaliwa wa Ravine, bara ya mbali, huko maji yakienda hayarudi. Nikamweleza kupwa na kujaa, na Mkanda, na kusi. Alisikiliza akainamisha kichwa. "Sasa naelewa. Lakini hiyo haikuwa kwenye karatasi. Mlisoma 'maji yamekupwa' nyinyi mkaona mlango umefungwa. Mimi niliona mwanamke anazima injini."

"Kwa hiyo nikieleza itatosha?" Khairiya akauliza.

Jeruto alikuwa mkweli. "Hapana. Ukieleza nitaelewa, kisha nitachoka kama hao wengine."

Tuliposhuka ngazi Khairiya alikuwa akilipitia daftari lake. Mwenyeji amechoka kwa sababu anajua ni maji tu. Mgeni amekasirika kwa sababu hajui ni maji. Sikuona vipi mtu angewaponya wote wawili kwa dawa moja, nikamwambia hivyo, na akasema na yeye haoni.

Jumamosi asubuhi tukamfuata Husni ufukweni. Alikuwa amefungua kifuniko cha injini, anabadilisha plagi, na plagi za zamani amezipanga juu ya ubao. Khairiya hakumuuliza lolote la Alhamisi. Alikaa juu ya dumu la petroli, akasema, "Bwana Husni, nihadithie ile safari ya Hadia. Kama uliipita wewe."

"Kama niliipita mimi." Alifurahi. Aliendelea na kazi huku akisema kwa Kiamu chake, maji akiyaita mai na njia ndia. "Simu yaingia alfajiri. Mkunga anena, njoo, Maram hali mbaya. Hadia asikia. Aweka simu chini. Achukua ufagio, afagia ua. Afagia tena. Ua umeshakuwa safi na yeye afagia. Saa nzima. Halafu ndipo ashuka pwani, na mai yameshageuka. Basi ndia yote anayatazama mai, na wenzake hawajui atazama nini. Wafika Mkanda, mai hakuna. Azima injini. Na ajua ni kwa nini."

Khairiya hakuwa akiandika. Penseli ilikuwa hewani.

"Amefagia wapi, Bwana Husni?"

"Uani kwake."

"Ukurasa gani?"

Husni akaichukua plagi moja ya zamani akaigeuza. "Haimo?"

"Haimo. Niliandika simu inalia, kisha niliandika yuko kwenye boti."

"Nilidhani nimeisikia," akasema, na ilikuwa wazi hasemi uongo. "Bi Khairiya, nahodha wa boti ya wagonjwa hafiki Mkanda mai yamekwisha. Haiwezekani. Hata usingizini najua saa ya mai. Aliposoma Bwana Amini pale, nilinyanyua kichwa, nikasema moyoni, huyu amechelewa kuondoka. Kwa nini amechelewa? Nikatia sababu, nikaendelea."

"Na Alhamisi nilipokuuliza mbona hukuniambia?"

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. "Nilikuwa nimekula kwenu."

Khairiya alicheka mpaka akashika dumu. Kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa shela, akaomba radhi. Husni akarudi kwenye injini yake, ameona haya, na mimi nikatazama plagi. Khairiya aliondoka pale anatembea haraka hata nikamwambia atangulie.

Nimeona watu wakikosolewa. Wengi hutengeneza kila walichoambiwa, kitu kikatoka kama shati la mafundi saba. Wengine hawatengenezi kitu. Khairiya alichukua neno ambalo hakuna mtu aliyelitoa. Mchana wote alikaa chumbani, mlango wazi, na nilipita mara mbili nikaona anafuta zaidi kuliko anavyoandika. Aliandika onyesho la nusu ukurasa karibu na mwanzo: simu, ufagio, ua. Hakuna mazungumzo. Baada yake, popote Hadia alipokuwa akitazama mbele, sasa anayatazama maji. Mkanda ulikuwa kurasa kumi, akazikata zikabaki sita. Hakuongeza maelezo ya kupwa na kujaa hata mstari. Aliongeza swali moja tu, Maram analiuliza kati ya uchungu na uchungu, boti imelala kwenye tope: "Alfajiri ulikuwa wapi?" Na Hadia hajibu.

Jumapili saa mbili asubuhi tuliitwa tena mezani. Kusoma hakukuwa kwa mswada mzima, kulikuwa kwa kurasa zilizobadilika. Bi Nana alisimama mlangoni na sinia la mahamri na mbaazi, harufu imejaa nyumba.

"Mama, bado," akasema Khairiya.

"Mwalimu Owen hajala tangu jana, nimemwona tumbo."

"Bado, mama."

Akalirudisha. Nilisoma. Nilipofika kwenye ufagio, watu waliacha kugeuka vitini, na hakuna aliyejua bado kwa nini. Nilisoma hadi Mkanda. "Maji yamekupwa. Hadia anazima injini." Maneno yaleyale matano, hakubadilisha moja. Simu zilikuwa mezani pote, hapana iliyoguswa. Binamu aliuliza lile swali la Maram kwa sauti ndogo kuliko nilivyotarajia, na Asmaa, ambaye kazi yake ilikuwa kunyamaza, alinyamaza akitazama karatasi.

Baada ya hapo hakuna aliyesema mashallah. Asmaa akasema, kwa njaa yake yote: "Mwanamke huyu simpendi. Lakini sitaki mtu mwingine ajue alichofanya." Owen akasema pale mwanzo kufagia ni kurefu kidogo, mara mbili zatosha, ya tatu haina kazi. Khairiya akaifuta ya tatu palepale. Lile alilichukua.

Jeruto ndiye aliyekawia. "Mimi niliomba dhoruba," akasema.

"Ukiniletea dhoruba, kosa litakuwa la dhoruba," Khairiya akamjibu. Ndiyo mara ya kwanza kwa siku zote nne kumsikia anaitetea kazi yake. "Nataka liwe la Hadia. Na uliniambia mtazamaji hatamsamehe. Hilo nimelichukua, lilikuwa kweli. Sasa ana la kusamehewa."

Jeruto alizipanga kurasa zile zikalingana ncha, akazitia kwenye begi lake. "Waandishi wangu wa Nairobi nitawapa kazi nyingine," akasema. "Tunaweza kula sasa? Hayo mahamri yananitesa."

Bi Nana alikuwa ameshaingia.

Husni alimvusha Jeruto hadi Manda, akapanda ndege ya mchana. Filamu ilipigwa miezi kumi na minane baadaye, kaskazi ikivuma, na watu wa bima walikataa muigizaji aendeshe boti, hivyo mikono inayoonekana kwenye usukani ni ya Husni, amevikwa bangili. Asmaa hakuigiza mwishowe, walimchukua msichana wa Mombasa. Alihamishiwa hospitali ya Mpeketoni na bado yuko huko. Owen alirudi Kisii, akaoa. Ile meza haikurudishwa shuleni, Bi Nana hukatia mboga juu yake. Jeruto ametengeneza filamu nyingine mbili, moja ina dhoruba. Khairiya anaandika ya pili na watu hula baadaye. Neno langu la Swafwan gatini halikuingia. Mimi nilikaa Wiyoni hadi mwisho wa mwezi ule, kisha nikapanda basi la Garissa kutoka Mokowe, gati la upande wa bara. Yule fundi wa malori nilikuta alikwisha kufa.